Kuandika chanzo wakati wa kufunga kazi: lebo huria, orodha funge au tiketi mama?

Mifumo mingi ya kufuatilia kazi humtaka anayefunga kazi aseme imeishaje, lakini haimtaki aseme ilizuka kwa nini. Katika Jira, sehemu iitwayo `Resolution` hubeba thamani kama `Done`, `Duplicate` na `Won't Do`. Katika GitHub, anayefunga huchagua jibu kama `Close as completed` au `Close as not planned`. Majibu hayo yanamtosha anayehesabu kazi zilizokwisha. Anayetaka kujua kama tatizo la leo ni lile lile la miezi mitatu iliyopita, lililorudi kwa jina jingine, hayamwambii chochote.

Timu zinazotaka kuliziba pengo hilo huishia kwenye mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni lebo huria, ambapo kila mtu huandika neno analoona linafaa. Ya pili ni orodha funge, yaani sehemu moja ya lazima yenye menyu kunjuzi ya vyanzo vichache vilivyokubaliwa, na kazi haifungiki mpaka kimoja kichaguliwe. Ya tatu ni tiketi mama: tatizo la msingi hufunguliwa tiketi yake, na kila kazi iliyotokana nalo huunganishwa nayo. Njia hizi hazitofautiani tu kwa usumbufu wa kujaza. Kila moja huonyesha aina yake ya marudio na kuficha nyingine, na hilo ndilo linalopaswa kuamua uchaguzi.

Mfano wa kupimia

Tuchukue timu ya kubuni yenye watu tisa, inayotunza mfumo wa kuagiza bidhaa mtandaoni na inayofunga takriban kazi mia nne katika nusu mwaka. Kati ya hizo, kazi sita zifuatazo zilifungwa na watu tofauti. Safu tatu za mwisho zinaonyesha alama ambayo kila kazi ingepata kama timu ingekuwa inatumia njia husika.

| Tarehe na dalili | Kilichogunduliwa | Lebo huria | Orodha funge | Tiketi mama |
|---|---|---|---|---|
| 14 Januari: malipo hayathibitishwi | Cheti cha seva ya malipo kimeisha muda | `cheti` | Muda umeisha | haipo bado |
| 3 Februari: ripoti ya usiku haikutoka | Nenosiri la akaunti ya hifadhidata limefika kikomo | `nenosiri` | Muda umeisha | haipo bado |
| 14 Aprili: malipo hayathibitishwi | Cheti kile kile | `malipo`, `haraka` | Muda umeisha | imefunguliwa leo |
| 9 Mei: barua pepe haziendi | Ufunguo wa huduma ya barua pepe umeisha muda | `barua-pepe` | Huduma ya nje | haikuunganishwa |
| 2 Juni: watumiaji wa simu hawaingii | Cheti cha seva ya utambulisho kimeisha muda | `ssl` | Muda umeisha | imeunganishwa |
| 30 Juni: picha hazipakiki | Ufunguo wa hifadhi ya picha umeisha muda | hakuna | Muda umeisha | haikuunganishwa |

Ukisoma safu ya pili peke yake, jambo liko wazi: timu hii haina mtu wala chombo kinachofuatilia tarehe za mwisho za vyeti, funguo na manenosiri. Lakini hakuna anayesoma safu hiyo peke yake. Maelezo hayo yamezama ndani ya maoni ya kazi sita zilizotapakaa kati ya mia nne, na dalili zake hazifanani hata kidogo.

Lebo huria

Sifa ya lebo huria ni kwamba haimzuii mtu. Anayefunga kazi anaandika neno moja na kuendelea, na pengine neno hilo linabeba maarifa ambayo hakuna orodha iliyoyatazamia. Kwa timu inayoanza, ambayo bado haijui vyanzo vyake ni vipi, hilo si jambo dogo: wiki chache za lebo huria ndizo malighafi bora ya kutengenezea orodha.

Ila tazama safu ya lebo katika jedwali. Kazi sita zimezaa lebo sita, na hakuna lebo hata moja iliyojitokeza mara mbili. Tatizo la kwanza ni la maneno: `cheti` na `ssl` vinazungumzia kitu kimoja, lakini kichujio hakijui hivyo. Jira huongeza ugumu huo kwa sababu lebo zake hazikubali nafasi kati ya maneno, hivyo mmoja ataandika `cheti-kimeisha`, mwingine `cheti_kimeisha`, na wa tatu `chetikimeisha`. Katika GitHub lebo lazima iundwe kwanza kabla ya kuwekwa, jambo linalopunguza utitiri huo kwa kiasi fulani, ingawa halizuii lebo mbili zenye maana moja kuishi pamoja kwa miaka.

Tatizo la pili ni zito zaidi, na halitibiki kwa kusafisha tahajia. Mtu akiachiwa aandike neno lolote, mara nyingi ataandika mahali tatizo lilipoonekana badala ya kilicholisababisha. Kazi ya Aprili ilipewa `malipo` na `haraka`. Ya Mei ikapewa `barua-pepe`. Maneno hayo ni ya kweli, yanasaidia kupanga kazi na kumpata mtaalamu wa eneo husika, lakini si vyanzo. Timu ikichora chati ya lebo hizo itaona kwamba eneo la malipo lina matatizo mengi, na itapeleka nguvu kwenye msimbo wa malipo ambao haukuwa na kosa lolote.

Orodha funge

Hapa ndipo panapostahili kukaa kwa muda, kwa sababu njia hii hutoa matokeo bora kuliko nyingine ikijengwa vizuri, na matokeo ya kupotosha kuliko zote ikijengwa vibaya.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1992 Ram Chillarege na wenzake wa IBM walichapisha mfumo wa kuainisha kasoro za programu ambao uligawa kazi ya kuandika katika nyakati mbili. Anayeripoti huandika anachokijua wakati huo, kama vile shughuli iliyokuwa ikifanyika na kilichoichokoza kasoro; anayerekebisha huandika aina ya kasoro pale anapoifunga, kwa kuwa ndiye anayejua ni kitu gani kilibidi kibadilishwe. Orodha yao ya aina ilikuwa na nane tu. Mambo hayo mawili, yaani kuweka alama wakati wa kufunga na kuwa na orodha fupi, ndiyo ninayoyaona yakipuuzwa kwanza timu zinapojitengenezea orodha zao.

Kwa timu ya mfano wetu, orodha inayotosha ingekuwa hii: muda wa cheti au ufunguo umeisha, mipangilio imebadilishwa bila ukaguzi, hitilafu katika msimbo wetu, huduma ya nje imeshindwa, uwezo wa mfumo umezidiwa, data imeingia na kasoro, maelekezo hayakuwepo au hayakueleweka, kingine, hakijabainika. Thamani mbili za mwisho hufanana machoni lakini zisichanganywe kamwe. «Kingine» humaanisha kwamba chanzo kinajulikana ila hakimo katika orodha, na anayekichagua anapaswa kuandika sentensi moja ya kukitaja. «Hakijabainika» humaanisha kwamba huduma imerejea bila mtu kujua kwa nini. Ya kwanza ikiongezeka, orodha ndiyo yenye kasoro. Ya pili ikiongezeka, kasoro iko katika uchunguzi. Kipimo changu ni kwamba «Kingine» ikivuka moja ya tano ya kazi zilizofungwa, wakati wa kuzisoma sentensi zake na kuongeza thamani moja au mbili umefika.

Orodha hiyo haina «kosa la kibinadamu», na imekosa kwa makusudi. Mtu hatajichagulia hukumu mbele ya wenzake, na hata akijichagulia, hakuna kinachoweza kufanywa kutokana na jibu hilo. Aliyesahau kuhuisha cheti alisahau kwa sababu hakuna kilichomkumbusha. Kinachohesabiwa ni ukosefu wa ukumbusho.

Sasa turudi kwenye kazi ya tarehe 9 Mei, ambayo ndiyo pekee iliyopotea katika safu ya orodha funge. Huduma ya barua pepe ni ya nje, nayo ndiyo iliyokataa maombi, kwa hiyo aliyefunga aliona «huduma ya nje imeshindwa» kuwa jibu la haki. Hakukosea kwa uzembe. Thamani mbili zilimkaribisha kwa pamoja. Dawa yake ni swali moja linaloandikwa chini ya sehemu hiyo, ambalo kila anayefunga hujiuliza: ni kitu gani, kama kingefanywa mapema, kingezuia kazi hii isizaliwe? Kama jibu ni kuhuisha ufunguo kabla ya tarehe yake, basi chanzo ni muda ulioisha, hata kama ujumbe wa kosa ulitoka upande wa pili. Swali hilo hilo ndilo linalotenganisha dalili na chanzo katika thamani nyingine zote.

Yapo makosa mawili ya kiufundi yanayoiharibu njia hii bila kelele. La kwanza ni kuiwekea sehemu hiyo thamani ya kuanzia. Ikiwa menyu inafunguka ikiwa tayari imeonyesha thamani ya kwanza, mwenye haraka ataiacha hapo, na baada ya miezi mitatu thamani hiyo itaongoza chati zote. Sehemu inapaswa kuanza tupu. Ukiona thamani moja iliyo juu ya orodha inaongoza kwa mbali, soma kazi kumi za mwisho zilizoipata. Kama maoni yake hayalingani nayo, umekwisha kujua.

La pili ni njia za kando za kufunga. Kuionyesha sehemu kwenye skrini ya kufungia hakutoshi. Katika Jira inabidi kanuni ya uhakiki iwekwe kwenye hatua yenyewe ya kufunga, ili izuie pia kazi zinazofungwa na programu nyingine. Katika GitHub hali ni ngumu zaidi, kwa sababu maelezo ya ombi la kuunganisha msimbo yakiwa na neno kama `Fixes #212`, tiketi hiyo hujifunga msimbo unapoingia katika tawi kuu, bila mtu kuulizwa lolote. Kwa hiyo anayetumia lebo za GitHub kama orodha funge, kwa kuzipa kiambishi kimoja kama `chanzo:`, anahitaji kichujio cha kila wiki cha kunasa zilizopita bila alama:

```
is:issue is:closed closed:>=2025-06-01 -label:"chanzo:muda" -label:"chanzo:mipangilio" -label:"chanzo:msimbo"
```

Lebo nyingine za kundi hilo huongezwa kwa mtindo huo huo, na orodha ikiwa fupi kichujio nacho hubaki kinasomeka.

Tiketi mama

Wanaofanya kazi kwa taratibu za huduma za teknolojia wanaifahamu tofauti kati ya tukio na tatizo: tukio ni huduma iliyokatika leo, tatizo ni kile kinachoifanya ikatike. Tiketi mama ni tofauti hiyo iliyopewa namba, mmiliki na hali yake. Katika Jira kiungo huwekwa kwa aina inayosomeka `is caused by`, na tiketi mama ikifunguliwa mtu huona watoto wake wote mahali pamoja.

Ubora wake ni kwamba inaunganisha kuhesabu na kutibu. Orodha funge itakuambia kwamba muda umeisha mara tano, kisha itanyamaza. Tiketi mama iliyofunguliwa tarehe 14 Aprili ina jina la mtu, ina maelezo kwamba cheti cha malipo huhuishwa kwa mkono, na ina kazi ndogo ya kuufanya uhuishaji huo ujiendeshe. Kazi ya Juni ilipounganishwa nayo, mmiliki aliweza kuona kwamba suluhisho alilokuwa akiliandaa kwa seva moja linahitajika kwa mbili.

Udhaifu wake unaonekana pia katika jedwali. Kazi mbili kati ya sita hazikuunganishwa kabisa, na zile za Januari na Februari, zilizofungwa kabla tiketi mama haijafunguliwa, zitaunganishwa tu kama kuna anayezikumbuka. Anayefunga kazi ya barua pepe anafikiria funguo. Halimjii akilini neno cheti, na hata akitafuta tiketi mama kwa maneno yake hataipata, kwa kuwa inaitwa «Cheti cha malipo hakihuishwi chenyewe». Kuunganisha kunategemea mtu ajue kwamba tatizo lipo, ilhali tunachotaka ni kuwafunulia wale wasiojua. Kadiri timu inavyokuwa kubwa, au inavyogawanyika katika zamu zisizokutana, ndivyo kumbukumbu hiyo inavyopungua.

Lipo na jambo la jina. Tiketi mama inayoitwa kwa dalili, kwa mfano «Malipo hukatika», itavuta kila kazi ya malipo hata isiyohusika, na baada ya muda itakuwa jalala. Inayoitwa kwa chanzo chembamba mno itabaki na mtoto mmoja. Ile ya Aprili ilihitaji kubadilishwa jina mapema iwe «Hakuna anayefuatilia tarehe za mwisho za vyeti, funguo na manenosiri», na hapo kazi zote sita zingekuwa na pa kwenda.

Dirisha la kutazamia

Hakuna kati ya njia hizi itakayoonyesha marudio kama ripoti inasomwa kwa kipindi kifupi kuliko mzunguko wa tatizo lenyewe. Cheti cha malipo katika mfano wetu kilikuwa cha siku 90, muda ambao Let's Encrypt imeutumia kwa vyeti vyake vya kawaida, ndiyo maana kiliharibika tarehe 14 Januari na tena tarehe 14 Aprili. Timu inayopitia chanzo cha kazi zilizofungwa mwezi uliopita ingeliona tatizo hilo mara moja Januari, isilione Februari wala Machi, kisha ilione mara moja tena Aprili. Kila ripoti ingesema kwa ukweli kabisa kwamba ni tukio la mara moja. Kwa hiyo kichujio kinapaswa kufunika angalau mizunguko miwili ya tatizo lililo polepole zaidi katika mfumo wako:

```
project = OPS AND "Chanzo" = "Muda umeisha" AND resolved >= -180d ORDER BY resolved ASC
```

Kupangwa kwa tarehe kuanzia ya zamani kuna faida yake, maana nafasi kati ya tarehe husema kitu ambacho jumla haisemi. Matukio matano yaliyoachana kwa siku karibu sawa yanaashiria ratiba fulani. Matano yaliyorundikana katika wiki moja yanaashiria badiliko fulani.

Ipi ichaguliwe

Timu ya watu watatu au wanne wanaofunga kazi chache kwa mwezi na wanaozisoma zote inatosheka na tiketi mama peke yake. Kumbukumbu yao bado inatosha, na orodha funge kwao ingekuwa fomu ya ziada isiyowaambia wasichokijua.

Timu inayofanana na ile ya mfano, ambapo hakuna mtu mmoja anayeona kazi zote, ichague orodha funge kuwa msingi na tiketi mama kuwa hatua ya pili. Utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba kila anayefunga ajaze sehemu ya chanzo, kisha mtu mmoja kwa zamu apitie kichujio kila baada ya wiki mbili. Chanzo chochote kilichofikisha kazi tatu ndani ya dirisha kifunguliwe tiketi mama, na yeye, badala ya waliofunga, aziunganishe zote. Katika mfano wetu mpitiaji angeiona kazi ya tatu katikati ya Aprili, kabla ya barua pepe, kuingia kwa watumiaji na picha kukatika. Anapozipitia atarekebisha pia zilizoainishwa vibaya, na marekebisho hayo ndiyo yatakayomwonyesha ni thamani zipi mbili zinazogombea nafasi moja.

Lebo huria zibaki kwa mambo mengine, kama vile eneo la mfumo au mteja aliyeathirika. Ukizitumia kwa chanzo, zitumie kwa wiki za mwanzo tu, ukijua kwamba unakusanya msamiati.

Timu ambayo kazi zake nyingi huangukia «hitilafu katika msimbo wetu» iko katika hali ya pekee: thamani hiyo kwao ni pana mno kusema chochote, na inafaa ivunjwe katika mbili au tatu, kwa mfano ukaguzi wa thamani uliokosekana, mpishano wa nyakati, na makubaliano mabaya kati ya sehemu mbili za mfumo. Thamani isiyofikisha kazi hata moja kwa nusu mwaka, kwa upande mwingine, inaweza kuondolewa katika menyu. Katika Jira, izimwe badala ya kufutwa, kwa sababu kuifuta huiondoa pia kwenye kazi za zamani zilizokuwa nayo. Na thamani ambayo tiketi mama yake imefungwa karibuni isiguswe mpaka mizunguko miwili ipite. Baada ya uhuishaji wa vyeti kuanza kujiendesha, «Muda umeisha» inahitaji kubaki kwenye menyu siku 180 nyingine ili iwapo kazi ya saba itatokea, iwe na mahali pa kuandikwa.